Kujaza jedwali la andalio la somo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na walimu wapya na wanachuo walio kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Moshi na Arusha. Hayagusi andalio zima. Yanahusu jedwali la katikati, lile lenye muda, kazi za mwalimu, kazi za mwanafunzi na zana, kwa sababu humo ndimo maandalio mengi hukwama yakarudishwa na mtaaluma. Ili tusizungumze hewani, majibu yote yanafuata kipindi kimoja: Hisabati, Darasa la Nne, kutafuta mzingo wa mstatili, dakika 40, wanafunzi 60 kwenye rejesta.

Nianze kujaza safu ipi?

Anza na kazi za mwanafunzi. Wengi huanza na kazi za mwalimu kwa sababu iko upande wa kushoto na ndiyo wanayoijua: nitaeleza, nitaandika ubaoni, nitauliza. Wakifika kwa mwanafunzi hakuna kilichobaki isipokuwa kusikiliza na kunakili.

Soma kwanza lengo mahususi uliloliandika juu ya jedwali. Kwa kipindi chetu linasema: *Hadi mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kupima pande za mstatili na kutafuta mzingo wake kwa usahihi, angalau mistatili 3 kati ya 4.* Lengo hilo lina vitenzi viwili, kupima na kutafuta. Kwa hiyo kwenye safu ya mwanafunzi lazima kuwe na mahali anaposhika rula na kupima, na mahali anapojumlisha mwenyewe. Ukishaviandika hivyo viwili, jiulize mwalimu afanye nini ili vitokee. Jibu lake ndilo linalokwenda safu ya mwalimu. Zana ni kile kilichomo mikononi mwao wakati huo, na muda unakuja mwisho, ukishajua kuna mambo mangapi ya kufanya.

Kwa nini "wanasikiliza kwa makini" inarudishwa?

Kwa sababu haionekani. Mtoto anayekutazama kwa macho makavu huku akiwaza chapati za mapumziko anafanana kabisa na anayesikiliza. Safu ya mwanafunzi inataka kitendo ambacho mtu aliyesimama mlangoni angeweza kukiona au kukisikia: kupima, kuzungusha uzi, kuandika jibu, kutaja pande, kumsahihisha mwenzake.

Hatusemi mwalimu asieleze. Kama kuna dakika 3 za maelezo, andika kinachotokea upande wa pili wa maelezo hayo. Mwalimu anapoonyesha jinsi ya kuweka alama ya sifuri ya rula kwenye kona ya kadi, mwanafunzi anaweka rula yake hivyo hivyo na kusoma namba kwa sauti. Kila sentensi ya mwalimu iwe na jirani yake kwa mwanafunzi, kwenye mstari huohuo. Ukipitisha kidole kutoka kushoto kwenda kulia, kisikutane na nafasi tupu wala na kitendo cha hatua nyingine.

Kosa lingine linalofanana na hilo ni kunakili sentensi ileile na kugeuza mtendaji: "Mwalimu anawaongoza wanafunzi kutafuta mzingo", halafu "Wanafunzi wanaongozwa kutafuta mzingo". Safu mbili zimejaa, lakini hakuna kilichosemwa. Anawaongoza kwa swali gani? Wanautafuta kwa kujumlisha, kwa uzi, au kwa kanuni?

Naomba kuona jedwali lililojazwa.

Hili hapa. Kipindi ni saa 2:00 hadi 2:40 asubuhi.

| Hatua na muda | Kazi za mwalimu | Kazi za mwanafunzi | Zana |
|---|---|---|---|
| Utangulizi, dk 5 | Kuchora ubaoni bustani ya mchicha ya mstatili, mita 4 kwa mita 3. Kuuliza: "Kuku wanaingia bustanini. Tunahitaji waya wa mita ngapi kuizungushia?" Kupokea majibu matatu na kuyaandika bila kusahihisha. | Kukadiria urefu wa waya, kuandika kadirio daftarini, na watatu kutaja majibu yao wakieleza walivyoyapata. | Mchoro ubaoni |
| Maarifa mapya, dk 16 | Kugawa vifaa kupitia viongozi wa vikundi. Kuonyesha mara moja namna ya kuanza kupima kwenye sifuri. Kupita vikundini na kuuliza: "Umeanzia wapi? Umepita pande ngapi?" Kuita vikundi 3 na kuandika matokeo yao ubaoni. | Katika vikundi 12: kuzungusha uzi kando ya kadi na kuupima, kupima pande 4 kwa rula na kuzijumlisha, kulinganisha majibu mawili. Vikundi 3 kueleza vilichopata. | Kadi 12 za boksi (sm 21 kwa sm 16), uzi vipande 12 vya sm 100, rula 12 |
| Kukazia maarifa, dk 11 | Kuchora ubaoni mistatili 4 yenye vipimo. Kupita na kusahihisha madaftari ya wanaomaliza. | Kila mmoja kutafuta mzingo wa mistatili 4 daftarini, akionyesha njia. | Ubao, madaftari |
| Tafakari, dk 5 | Kuuliza: "Mistatili ipi ina mzingo sawa? Je, inafanana?" | Kujadili wawili wawili, kutaja mistatili hiyo na kueleza kwa nini mizingo imelingana. | Michoro ileile ubaoni |
| Hitimisho, dk 3 | Kurudi kwenye makadirio ya waya. Kutoa kazi ya nyumbani. | Kusahihisha kadirio lake la mwanzo (mita 14) na kuandika kazi ya nyumbani. | Madaftari |

Mistatili 4 ya kukazia ni hii: 9 kwa 4, 12 kwa 5, 10 kwa 7, na 15 kwa 8. Mizingo yake ni 26, 34, 34 na 46. Wa pili na wa tatu vimechaguliwa vilingane makusudi, maana bila hivyo swali la tafakari lisingekuwa na mguu wa kusimamia. Hapa ndipo inapoonekana kwamba hatua za jedwali zinategemeana: ukibadilisha zoezi la kukazia dakika ya mwisho, tafakari inaanguka.

Dakika nazigawaje? Mimi huandika 5, 15, 10, 5, 5 kila siku.

Mgawanyo huo si kosa kwa wenyewe. Kosa ni kuuandika kabla ya kujua kazi. Chukua hatua ya maarifa mapya uihesabu kitendo kwa kitendo: kukaa katika vikundi na kugawa vifaa dakika 3, kuonyesha matumizi ya rula dakika 2, kuzungusha na kupima uzi dakika 3, kupima pande na kujumlisha dakika 4, vikundi vitatu kueleza dakika 4. Jumla ni 16. Ndiyo maana jedwali letu lina 16 na hitimisho lina 3. Jumla ya safu nzima lazima irudi kwenye 40: 5 + 16 + 11 + 5 + 3. Ihesabu kila mara, kwani kuna maandalio mazuri kabisa yanayotoka dakika 45.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni zile dakika 3 za kugawa. Watoto 60 kwenye madawati ya watatu watatu hawageuki kuwa vikundi kwa kupiga makofi. Kama hukuziandika, utazitoa mahali pengine, na karibu kila mara zinatoka kwenye kukazia, yaani pale mtoto anapofanya peke yake. Unaweza kuzipunguza: weka kadi, uzi na rula vya kila kikundi kwenye mfuko mmoja kabla ya kipindi, kiongozi achukue mfuko mmoja tu.

Vikundi vyote 12 viwasilishe, au?

Haiwezekani. Vikundi 3 vinatumia dakika 4, kwa hiyo vikundi 12 ni dakika 16, yaani hatua nzima ya maarifa mapya. Andika idadi kabisa, "vikundi 3", na ujue utavichaguaje: unapopita, tafuta kimoja chenye jibu sahihi, kimoja chenye jibu lililokosewa kwa njia ya kufundishia, na kimoja ambacho uzi na rula vimetoa majibu yasiyolingana. Vingine vinainua mkono kuonyesha kama jibu lao ni sawa na mojawapo ya yale ya ubaoni. Hicho nacho ni kitendo cha mwanafunzi, na unaweza kukiandika.

Hesabu kama hiyo inahusu pia kusahihisha. Wakihudhuria 57, na daftari moja likichukua sekunde 20, unahitaji dakika 19. Usiandike "kusahihisha madaftari yote" ndani ya hatua ya dakika 11. Andika "ya wanaomaliza", na mengine uyakusanye.

Kwenye zana niandike nini hasa?

Kile kinachotumika katika hatua hiyo, kwa idadi na kwa ukubwa pale ukubwa unapokuwa na maana. "Vitu halisi" si zana, ni kundi la zana. Na usirudie "ubao, chaki, kifutio" katika kila mstari. Itaje pale inapobeba kazi, kama mchoro wa bustani.

Kwa nini kadi zote ziwe 21 kwa 16, na tusitumie tu jalada la daftari ambalo kila mtoto analo? Kwa sababu madaftari ya kampuni mbalimbali hutofautiana kwa milimita kadhaa, na majibu yangetofautiana bila kosa la mtu. Kadi zikiwa za ukubwa mmoja, jibu lenyewe linakuambia mtoto alipopotea:

- 74 ni sahihi: 21 + 16 + 21 + 16.
- 78 maana yake alianzia kwenye 1 ya rula badala ya 0, akasoma 22 na 17.
- 37 maana yake alijumlisha pande mbili tu.
- 336 maana yake alizidisha, yaani ametafuta eneo.

Andika namba hizo nne pembeni mwa andalio lako kwa penseli. Unapopita vikundini huhitaji kupima tena kadi ya mtu. Ukiona 78 unauliza "umeanzia wapi?", ukiona 37 unauliza "umepita pande ngapi?". Ndiyo maana maswali hayo mawili yameandikwa kwenye safu ya mwalimu, na si mengine.

Kadi zikatwe kwa kufuata kona ya kitu chenye pembe mraba. Ukikata kwa macho, upande mmoja unatoka 21 na wa pili 21 na nusu, na somo linageuka mabishano. Boksi tupu hupatikana dukani bila shida. Uzi uwe wa katani au ule wa kushonea magunia. Uzi wa kufumia sweta unavutika: mtoto akiuvuta anapozunguka kadi, ukilegea unampa chini ya 74. Na usikate sm 74 kamili. Mtoto anahitaji mahali pa kushika, ndiyo sababu ya sm 100. Vipande 12 ni mita 12 za uzi.

Shuleni kuna rula chache, na nyingine zimevunjika mwanzoni. Niandike 12 hata hivyo?

Hapana, andika ulizo nazo na ubadilishe kazi. Ukiwa na rula 6, nusu ya vikundi vianze na uzi huku nusu nyingine ikianza na rula, kisha vibadilishane. Dakika zinabaki zilezile, ila agizo la kubadilishana liandikwe kwenye safu ya mwalimu, vinginevyo utalisahau. Rula iliyovunjika mwanzoni inatumika kwa kuanzia namba nzima ya kwanza inayoonekana na kutoa namba hiyo mwishoni, lakini kwa Darasa la Nne hilo ni somo la siku nyingine. Njia rahisi ni utepe wa karatasi ulioweka alama za sentimita mwenyewe kuanzia 0 hadi 30, kwa kalamu yenye ncha nyembamba.

Mdhibiti ubora wa shule anayekaa nyuma ya darasa huona haraka sana zana zilizoandikwa zisizokuwepo mezani. Zana 6 za kweli zina heshima kuliko 12 za karatasini.

Niandike maneno mangapi ndani ya kila chumba cha jedwali?

Kiasi ambacho mwalimu mwingine akishika andalio lako, wewe ukiwa umelazwa, anaweza kufundisha kipindi hicho. Maelezo ya jinsi ya kugawa chaki hayahitajiki. Maswali ya msingi yanahitajika, tena neno kwa neno ndani ya alama za mtajo, kwa sababu swali lililotungwa papo hapo mara nyingi hutoka katika umbo la "Mmeelewa?", na darasa zima huitikia "Ndiyoo". Mwanafunzi akiitikia hivyo, kwenye safu yake huna cha kuandika.

Ukiona chumba kinafurika hadi mstari wa nane au wa tisa, tazama kama hujachanganya hatua mbili. Katika mfano wetu, maarifa mapya ndiyo yenye maneno mengi kwa sababu ndiyo yenye vitendo vingi. Hitimisho likiwa refu kuliko hapo, kuna kitu kimekaa pasipo pake.

Fomu ya shule yetu ina majina mengine ya hatua na safu ya vigezo vya upimaji. Nifuate ipi?

Fuata ya shule yako, na majina ya hatua yaandike kama yalivyo kwenye fomu hiyo. Kuna fomu zinazosema "shughuli za ufundishaji" na "shughuli za ujifunzaji" badala ya kazi za mwalimu na mwanafunzi, na kuna zinazoweka zana juu ya jedwali tu. Uhusiano wa safu haubadiliki. Kama zana ziko juu, zitaje tena ndani ya kazi ya mwanafunzi: "kupima pande 4 za kadi kwa rula".

Safu ya vigezo vya upimaji ikiwepo, usiandike "maswali na majibu yameulizwa". Andika kinachothibitisha kuwa kazi imefanyika: *pande 4 zimepimwa kwa usahihi kuanzia sifuri, mzingo wa mistatili 3 kati ya 4 umepatikana.* Ukitazama vizuri, vigezo hivyo ni lengo mahususi lililokatwa vipande na kugawiwa hatua zake.

Vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Nizidishe kila kitu kwa mbili?

Usizidishe. Utangulizi wa dakika 10 kuhusu kuku na mchicha utachosha. Utangulizi ubaki 5, na dakika zilizoongezeka uzipeleke kwenye kazi: kwa mfano kutoka nje na kupima bustani ya shule kwa kamba yenye fundo kila mita. Hesabu dakika za kutoka na kurudi, si chini ya 6 kwa darasa la watoto 60, na ziandikwe. Msimu wa masika, hasa Aprili, andika pia kazi mbadala ya ndani kwenye mstari huohuo: kupima sakafu ya darasa.

Idadi ya waliohudhuria naijaza lini, na tathmini ya chini ya jedwali je?

Walioandikishwa unaweza kuwajaza jioni ya kuamkia kipindi: wasichana 32, wavulana 28, jumla 60. Waliohudhuria hujazwa darasani. Kujaza 60 kwa 60 mapema halafu wakaja 57 kunavuruga hata vikundi, maana vikundi 12 vya watano havitatimia. Acha vitatu viwe vya wanne, na usipoteze dakika kuwahamisha watoto.

Tathmini huandikwa baada ya kipindi, kwa namba kutoka kwenye madaftari. "Somo limeeleweka vizuri" haimsaidii anayefundisha kesho, hata kama ni wewe. Linganisha na hii: *Wanafunzi 41 kati ya 57 walipata mistatili 3 au zaidi. Kati ya 16 waliobaki, 9 walijumlisha pande mbili tu, 4 walizidisha, 3 hawakumaliza.* Kutoka hapo maoni yanajiandika: wale 9 waanze kipindi kijacho kwa kuweka alama kwenye kila upande wanaoupita kabla ya kujumlisha, wale 4 wapewe tena uzi wauzungushe kadi, na wale 3 watazamwe kama tatizo ni mzingo au ni kujumlisha namba za tarakimu mbili.